Kumweka mtu nyuma ya kizuizi katika picha

Kumweka mtu nyuma ya kizuizi ni kazi ya uhariri wa picha ambapo mtu aliyepigwa picha mahali pengine huingizwa katika picha nyingine kwa namna ambayo aonekane amesimama au ameketi nyuma ya kitu kilicho karibu zaidi na kamera, kama vile uzio, nguzo au meza. Sehemu ya mwili wake hufichwa na kitu hicho, na sehemu iliyobaki huonekana juu yake, pembeni yake au kupitia mianya yake.

Kazi hii ni ngumu kuliko kumbandika mtu mbele ya mandhari. Mtu anayebandikwa mbele huwa na ukingo mmoja tu wa kushughulikiwa, yaani ukingo wa mwili wake. Mtu anayewekwa nyuma huwa na kingo mbili: ule wa mwili wake dhidi ya mandhari, na ule wa kizuizi dhidi ya mwili wake. Ukingo wa pili ndio unaoharibika mara nyingi, kwa sababu pikseli zake zilipigwa pamoja na mandhari ya zamani, na bado zimebeba rangi ya mandhari hiyo hata baada ya mtu kuwekwa.

## Kanuni ya msingi

Katika picha bapa, jicho hutambua kilicho karibu na kilicho mbali kwa kuangalia nini kinafunika nini. Nguzo ikikata mkono wa mtu, mtazamaji huamini mara moja kwamba nguzo iko mbele. Kwa hiyo mhariri hahitaji kumsogeza mtu "ndani" ya picha. Anachohitaji ni kuhakikisha kwamba kila mahali kizuizi kinapopita, pikseli za kizuizi ndizo zinazoonekana, na za mtu hazionekani.

Zipo njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kunakili kizuizi na kukiweka kwenye tabaka la juu, mtu akiwa katikati na picha kuu chini. Ya pili ni kumweka mtu juu ya picha kuu, kisha kumfunika kwa *barakoa* mahali kizuizi kinapopita, ili kizuizi cha picha kuu kionekane chenyewe. Barakoa ni picha ya rangi nyeupe, nyeusi na kijivu iliyoambatishwa kwenye tabaka. Palipo na weupe tabaka huonekana, palipo na weusi tabaka hufichwa, na kijivu huonyesha nusunusu.

Katika njia zote mbili mtu hubaki mzima. Hakatwi vipande vya kujazwa kwenye kila mwanya, kwa sababu vipande vikishatenganishwa ni rahisi kimoja kusogea kidogo na mkono unaopita nyuma ya nguzo ukatokea upande wa pili mahali pasipo pake.

## Historia

Wapigapicha walianza kuunganisha watu kutoka picha mbalimbali muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha picha moja kubwa iliyotengenezwa kwa kuchapa negativu zipatazo 30 juu ya karatasi ileile. Mwaka uliofuata Mwingereza Henry Peach Robinson alionyesha picha ya msichana anayekufa akiwa na jamaa zake, iliyotokana na negativu 5. Wakati wa kuchapa negativu moja, sehemu nyingine za karatasi zilizibwa zisipate mwanga. Kizibo hicho ndicho babu wa barakoa ya leo.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya filamu ya Lucasfilm, walichapisha maelezo ya hesabu ya kuweka picha moja juu ya nyingine kwa kutumia namba iitwayo *alfa*, inayoonyesha ni kiasi gani cha pikseli kimefunikwa. Programu za kuhariri picha za leo, kama Photoshop na GIMP, hufuata hesabu hiyo.

## Mfano wa kazi: ndugu nyuma ya uzio

Tuchukue mfano wa familia iliyopiga picha ya pamoja nyumbani, watu wote wakiwa wamesimama nyuma ya uzio wa mbao unaofika kiunoni. Kaka mmoja hakuwepo, na familia inataka awekwe kwenye nafasi iliyobaki pembeni. Picha kuu ina upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000. Nyuma ya watu kuna ukuta uliopakwa chokaa, na jua linaupiga. Kaka, katika picha yake, amevaa suruali na shati vya bluu iliyoiva. Programu inayotumika hapa ni GIMP toleo la 2.10, ambayo hupatikana bila malipo.

### Kuchagua picha ya mtu

Kizuizi ndicho kinachoamua ni picha gani ya mtu inafaa. Uzio una mianya, kwa hiyo miguu na viatu vya kaka vitaonekana katikati ya mbao, na picha iliyomkata kiunoni haifai. Kama kizuizi kingekuwa meza yenye kitambaa kinachofika chini, picha ya kuanzia kiunoni ingetosha.

Mambo mengine mawili hayarekebishiki kirahisi baadaye. Kwanza ni kimo cha kamera. Mtu aliyepigwa kutoka chini huonyesha upande wa chini wa kidevu, na hawezi kusimama karibu na watu waliopigwa kutoka usawa wa macho. Pili ni upande wa mwanga. Kama jua la picha kuu linatoka kushoto, kivuli cha pua ya kaka nacho kinatakiwa kuangukia kulia.

### Kupima ukubwa

Kosa la kawaida ni kumpunguza au kumkuza mtu kwa kukadiria, kisha kumshusha mpaka uzio umfiche "vizuri". Ukubwa unaweza kupimwa kwa kutumia mstari wa upeo wa macho. Kama ardhi ni tambarare na kamera haikuinamishwa, kila kitu kilicho kwenye kimo sawa na cha kamera huangukia mstari huo, kiwe karibu au mbali. Mstari hupatikana kwa kurefusha kingo za nyumba zinazoelekea mbali na kamera, kwa mfano ukingo wa paa na ukingo wa msingi. Zinapokutana ndipo mstari unapopita.

Tuseme kamera ilikuwa mita 1.5 kutoka ardhini, na mstari wa upeo uko kwenye safu ya pikseli ya 1200 kuhesabu kutoka juu. Mahali nyayo za kaka zinapotakiwa kukanyaga ni safu ya 2400. Kati ya nyayo na mstari kuna pikseli 1200, nazo ni sawa na mita 1.5. Kwa hiyo mahali hapo mita moja ni pikseli 800, na kaka mwenye urefu wa mita 1.75 anatakiwa awe na pikseli 1400. Kichwa chake kitafika safu ya 1000.

Hesabu hiyohiyo huonyesha uzio utamkata wapi. Uzio uko karibu zaidi na kamera, na chini yake ni safu ya 2600, hivyo mita 1.5 ni pikseli 1400 pale uliposimama. Uzio wenye kimo cha mita 1 una pikseli 933, na ukingo wake wa juu uko safu ya 1667. Kwenye mwili wa kaka, safu hiyo iko pikseli 733 juu ya nyayo, yaani takriban sentimita 92. Uzio wa mita 1 haumfichi hadi mita 1, kwa sababu kamera iko juu zaidi ya uzio na inatazama kwa kushuka. Mhariri anayelinganisha mkanda wa kaka na ukingo wa uzio kana kwamba viko mahali pamoja humfanya kaka azame ardhini.

Watu wengine katika picha ni kipimo cha kuhakiki. Kama mstari wa upeo unapita kwenye midomo ya dada aliyesimama kando, na dada anajulikana kuwa na urefu wa mita 1.65, basi kadirio la kamera ya mita 1.5 linakubalika.

### Kupanga matabaka

Picha ya kaka huingizwa kwa `File > Open as Layers`. Ukingo wa mwili wake hushughulikiwa kwanza kwa barakoa yake yenyewe, kisha hupunguzwa hadi pikseli 1400 na kuwekwa mahali pake. Baada ya hapo tabaka lake huwekwa ndani ya kundi la matabaka, na kundi hupewa barakoa ya pili kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, likichaguliwa `White (full opacity)`. Mpangilio, kutoka juu kwenda chini, huwa hivi:

```
kundi "kaka"          barakoa: uzio
    kivuli cha uzio
    kaka              barakoa: mwili
picha kuu
```

Kuna sababu ya kutenganisha barakoa hizi mbili. Ya kwanza ni mali ya mwili wa kaka na inatakiwa kusogea pamoja naye. Ya pili ni mali ya uzio, na uzio hausogei. Zikichanganywa kuwa moja, kila kaka anaposogezwa hata pikseli tano, alama za mbao husogea naye na kuacha mistari ya suruali juu ya uzio. Hata hivyo ni vema ukubwa na mahali pa kaka viamuliwe kabla ya kuchora barakoa ya uzio.

### Kuchora uzio

Wakati wa kuchora, kundi la kaka hufichwa ili uzio wote uonekane. Mbao zenye kingo zilizonyooka huchorwa kwa zana ya `Paths`, si kwa brashi ya mkono huru. Kila ubao huhitaji nukta nne au chache zaidi. Katika mfano huu ubao wenye upana wa sentimita 9 una pikseli zipatazo 84, na mwanya wa sentimita 6 una pikseli 56, kwa hiyo ni mbao chache tu zinazopita mbele ya kaka. Mbao za ulalo zinazoshikilia uzio nazo huchorwa, pamoja na mkono wa mtu mwingine ulioshika uzio, kama upo. Huu wa mwisho husahaulika mara nyingi, na matokeo yake ni vidole vinavyopotea.

Njia zilizochorwa hugeuzwa kuwa eneo lililochaguliwa kwa amri ya `Select > From Path`, na eneo hilo huhifadhiwa kwa `Select > Save to Channel`. Chaneli hiyo ni akiba. Ikiwa barakoa itaharibika, uzio hauchorwi upya, bali huitwa kutoka kwenye chaneli. Kisha barakoa ya kundi huchaguliwa na eneo lote hujazwa rangi nyeusi. Kaka anapoonyeshwa tena, tayari yuko nyuma ya uzio.

### Mstari mweupe ukingoni

Mara nyingi picha ikitazamwa kwa karibu hapo, kila ubao huwa na uzi mwembamba wa mwanga ukingoni, palipo na suruali ya bluu nyuma yake. Uzi huo hauletwi na mkono kutetemeka wakati wa kuchora. Ungetokea hata kama njia ingechorwa bila kosa lolote.

Sababu yake iko katika pikseli za ukingoni. Pikseli moja haiwezi kugawanyika, hivyo ukingo wa ubao unapopita katikati yake, kamera huandika mchanganyiko wa ubao na kilichokuwa nyuma. Kwa alfa *a*, mchanganyiko ni:

```
pikseli = a × ubao + (1 − a) × nyuma
```

Tuseme mwangaza wa ubao ni 90 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, wa ukuta ni 230, na wa suruali ni 40. Pikseli ambayo nusu yake ni ubao iliandikwa na kamera kuwa 160, yaani nusu ya 90 na nusu ya 230. Barakoa iliyochorwa kwa usahihi kabisa itakuwa na kijivu cha nusu mahali hapo, na itachukua nusu ya suruali (20) na nusu ya pikseli ya zamani (80), jumla 100. Lakini kama kaka angekuwa amesimama pale kwa kweli, kamera ingeandika nusu ya 90 na nusu ya 40, yaani 65. Tofauti ya 35 ni mabaki ya ukuta mweupe. Robo ya pikseli hiyo bado ni chokaa.

Dawa ya kwanza ni kuusogeza ukingo wa barakoa ndani ya ubao. Eneo huitwa kutoka kwenye chaneli, hupunguzwa pikseli 1 kwa `Select > Shrink`, na barakoa hujazwa upya: nyeupe yote kwanza, kisha nyeusi ndani ya eneo lililopunguzwa. Sasa suruali inafunika pikseli zilizochafuka. Mahali palipokuwa 100 panakuwa 40. Hiyo nayo si 65, lakini ni rangi ya suruali yenyewe, kwa hiyo jicho halioni kasoro yoyote. Ubao unakuwa tu mwembamba kwa takriban pikseli moja kila upande, na kwa ubao wa pikseli 84 hilo halitambuliki. Kama uzi bado unaonekana, hupunguzwa pikseli 2.

Tatizo hujitokeza kwa nguvu zaidi pale mandhari ya zamani na nguo za mtu zinapotofautiana sana kwa mwangaza. Kama kaka angevaa shati jeupe mbele ya ukuta huohuo mweupe, mabaki ya chokaa yangefanana na rangi ya shati, na kazi ingepita bila dawa. Ndiyo maana mhariri anayepewa picha mbili za mtu mmoja huanza na ile ambayo nguo zake zinakaribiana na mandhari.

### Vivuli

Barakoa humficha mtu, lakini haimgusishi na mahali alipo. Kama jua linatokea upande wa kamera, mbao huangusha vivuli kwenye suruali za waliosimama nyuma yake. Suruali ya kaka, iliyopigwa mahali pengine, haina vivuli hivyo, na kukosekana kwake humfanya aonekane kama bango lililosimamishwa.

Kipimo kizuri ni jirani yake. Miguu ya dada aliye umbali uleule kutoka kwenye uzio huonyesha vivuli vimesogea kiasi gani kutoka kwenye mbao, ni vizito kiasi gani, na kingo zake ni kali au zimelainika. Eneo la uzio huitwa kutoka kwenye chaneli, husogezwa kwa kiasi hichohicho, na hujazwa rangi nyeusi kwenye tabaka jipya lililo juu ya kaka ndani ya kundi. Hali ya tabaka hilo huwekwa `Multiply`, na uzito wake hupunguzwa mpaka ulingane na wa jirani. Tabaka la kivuli hupewa nakala ya barakoa ya mwili ili kivuli kisitoke nje ya kaka.

Kaka mwenyewe pia anatakiwa kuwa na kivuli ardhini, kinachoanzia chini ya viatu vyake. Kivuli hiki nacho kiko nyuma ya uzio. Kama kitapita juu ya mbao, uzio utaonekana umechorwa chini.

## Vizuizi vya aina nyingine

Nguzo ina ukingo mrefu ulionyooka, na tatizo lake ni la macho. Mstari wa mshazari unaopita nyuma ya nguzo, kama mkono ulionyooshwa au mkanda wa begi, huonekana kana kwamba pande zake mbili hazikutani, hata kama zinakutana kabisa. Hali hii huitwa mazigazi ya Poggendorff, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Johann Christian Poggendorff aliyeitambua mwaka 1860. Mhariri asiyeijua hushawishika kusogeza upande mmoja "kurekebisha", na hapo ndipo anapoharibu. Namna ya kuhakiki ni kuzima barakoa ya nguzo kwa muda na kutazama kama mkono ni mmoja. Kama ni mmoja, haufai kuguswa.

Meza ina uso wa juu unaoonekana, si ukingo tu. Mtu aliyeketi nyuma yake hufichwa na ukingo wa mbali wa meza, yaani ule ulio upande wake, na vitu vyote vilivyo juu ya meza vinavyopanda juu ya ukingo huo, kama chupa, vikombe na mashada ya maua, navyo huwa mbele yake. Kama mikono yake iko juu ya meza, mikono huwa mbele ya ukingo wakati kiwiliwili kiko nyuma. Hapo barakoa hukata kiwiliwili tu na kuacha mikono, na chini ya mikono huwekwa kivuli chembamba cha mguso. Meza iliyong'arishwa huonyesha pia taswira hafifu ya shati iliyopinduliwa. Chupa ya kioo ni kizuizi kinachopitisha mwanga. Barakoa ya kijivu peke yake haitoshi, kwa kuwa kioo hupindisha kilicho nyuma yake, na kwa kawaida ni rahisi zaidi kumsogeza mtu asipite nyuma ya chupa.

Wavu wa waya una nyuzi zenye upana wa pikseli 2 au 3, na karibu kila pikseli yake ni ya ukingoni. Kupunguza barakoa kwa pikseli 1 hufuta waya wote au karibu wote. Kama waya ni mweusi kuliko mtu, hutumika njia ya tabaka la juu: nakala ya picha kuu huwekwa juu ya mtu kwa hali ya `Darken only`, ambapo katika kila chaneli ya rangi ile thamani yenye giza zaidi ndiyo inayobaki. Waya hubaki, na mandhari angavu iliyo kati ya waya hupotea. Njia hii hushindwa kwenye nywele nyeusi, ambako nywele ni giza kuliko waya na waya hupotea. Hapo waya huchorwa kwa mkono kwa kufuata njia, kwa rangi iliyochukuliwa kutoka sehemu yake ya jirani.

Kizuizi chenye ukungu, yaani kilicho karibu sana na kamera kiasi cha kuwa nje ya fokasi, hakina ukingo mkali. Ukingo wake unaweza kuenea pikseli 20 au zaidi, na katika eneo lote hilo rangi yake imechanganyika na mandhari ya zamani. Barakoa kali humfanya mtu aonekane amekatwa kwa mkasi, na barakoa iliyolainishwa peke yake huacha ukanda mpana wa mwanga kwa sababu ileile iliyoelezwa juu. Suluhisho ni kunakili kizuizi kwenye tabaka la juu, kutandaza rangi yake safi ya katikati mpaka ivuke eneo la ukungu kwa zana ya `Clone`, kisha kumpa barakoa iliyolainishwa kwa `Gaussian Blur` mpaka upana wa ukungu ulingane na ule unaoonekana pale ambapo kizuizi hakipiti mbele ya mtu.

## Kukagua kazi

Kasoro nyingi hazionekani picha ikiwa ndogo kwenye skrini, bali hujitokeza ikichapishwa. Ukaguzi hufanywa picha ikiwa kwenye asilimia 100 na kisha 200, ukingo mmoja baada ya mwingine. Tabaka lenye rangi nyekundu kali likiwekwa kwa muda ndani ya kundi, juu ya kaka, kila tundu au doa la barakoa ya uzio huonekana mara moja: wekundu ukitokea juu ya ubao, hapo barakoa haijajaa.

Jambo la mwisho ni uchangamano wa chembechembe. Picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu huwa na chembechembe nyingi kuliko iliyopigwa juani. Ubao wenye chembechembe ukimfunika mtu asiye nazo, tofauti huonekana bega kwa bega. Kiasi kidogo cha `HSV Noise` au `RGB Noise` kwenye tabaka la mtu huziba pengo hilo. Kazi huhifadhiwa kwa muundo wa XCF pamoja na matabaka yake yote, na nakala ya JPEG hutolewa kwa `File > Export As`.

## Matumizi na maadili

Picha za familia, mabango na filamu hutumia mbinu hii kwa kawaida, na wahusika hujua. Katika habari ni jambo jingine. Kanuni za shindano la World Press Photo haziruhusu kuongeza wala kuondoa kitu katika picha, na mtu aliyewekwa nyuma ya uzio ni kitu kilichoongezwa, hata kama kweli aliwahi kufika mahali hapo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison nchini Marekani. Mwaka 2000 chuo hicho kiliweka sura ya mwanafunzi mweusi katikati ya mashabiki weupe wa mpira kwenye jalada la kijitabu cha kuomba kujiunga, ili chuo kionekane kuwa na mchanganyiko wa watu. Mwanafunzi huyo hakuwepo kwenye mchezo huo. Hila hiyo ilipogunduliwa, chuo kiliomba radhi. Umati ni kizuizi kama uzio: mabega ya walio mbele humfunika aliye nyuma, na mtazamaji akishaona kufunikwa huko huamini kwamba mtu alikuwepo. Kwa hiyo picha ya namna hii inapotolewa nje ya familia, ni desturi njema kuandika chini yake kwamba imeunganishwa.